Babu anainuka

Tangu ateleze kwa bafu mwezi wa tatu, babu akikaa chini kwa mkeka hapa kwetu Umoja ilikuwa lazima tumvute mikono, na hiyo kuvutwa ilimuuma roho kuliko goti. Yule dada wa mazoezi akaja akamwambia, mzee usinyanyuke wima hivyo, lala ubavu kwanza, piga magoti na mikono, halafu leta mguu wenye nguvu mbele.

Siku ya kwanza akasukuma kwa nguvu zote na akarudi nyuma puu, juu ya mto. Paja lilikuwa na nguvu, shida ni uzito ulibaki nyuma ya kisigino.

“Babu, inama mbele, pua ipite goti, ndo usukume.”

Akashika kiti, vidole vya mguu vikauma mkeka, paja likatetemeka kama simu imewekwa vaibreti. Akapanda polepole, akayumba, kifundo cha mguu kikamrudisha katikati.

Wiki ya sita hivi nikitoka jikoni na chai nikamkuta amesimama, kiti kiko mbali kabisa.

“Weka hapo mezani mjukuu wangu, nakuja mwenyewe.”