Noti za mhadhara: ngazi, safu au ramani?

Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza. Zoezi la semina.

Mhadhiri huongea haraka kuliko mkono unavyoandika, kwa hiyo kuandika noti ni kuamua nini uache.

Ngazi. Hoja kuu hukaa ukingoni kushoto, ndogo huingia ndani: 1, 1.1, 1.1.1. Zinafaa mhadhiri akisema "sababu ni tatu" na kweli akazitaja tatu. Akirukaruka, utajikuta na 1.4 isiyohusiana kabisa na 1.3.

Safu. Mtindo huu ulianzishwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Piga mstari wa wima kama sentimita 6 kutoka kushoto, acha sentimita 5 chini. Darasani andika kulia tu. Jioni, kushoto andika maswali ambayo majibu yake yako kulia, na chini muhtasari wa sentensi mbili. Kisha funika upande wa kulia, soma swali, jibu kwa mdomo. Nawashauri muanze na mtindo huu, maana ndio pekee uliotenga mahali pa kujipima. Ukiacha safu ya kushoto tupu, umechora mstari bure.

Ramani. Mada katikati, matawi yenye neno moja au mawili. Huonyesha uhusiano vizuri, lakini mlolongo wa tarehe huipa shida. Ichoreni nyumbani, mnapopitia somo.

Kifungu cha zoezi

Mmoja asome kwa sauti, mara moja tu. Wengine watatu waandike, kila mtu kwa mtindo wake.

"Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia ikabanwa, kwa sababu shaba yake ilipitia huko kwenda baharini. Nyerere na Kaunda walitaka reli ya kufika Dar es Salaam. Nchi za Magharibi hazikukubali kuigharimia. China ilikubali, kwa mkopo usio na riba, na mkataba ukasainiwa Beijing mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970, ukakamilika 1975, na reli ikakabidhiwa 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kazi ilikuwa ngumu zaidi kati ya Mlimba na Makambako, penye milima, mahandaki na madaraja mengi. Ah, nilisahau: upana wa njia ni milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, hivyo behewa la kawaida haliwezi kutoka njia moja likaingia nyingine."

Baada ya kusoma

Wekeni karatasi tatu pamoja. Upana wa njia umeandikwa wapi katika kila moja? Nani ameonyesha kwamba tukio la 1965 ndilo lililozaa haja ya reli, na nani ameandika tarehe tupu? Aliyetumia safu aandike maswali manne ya kushoto, awaulize wenzake bila kuonyesha karatasi.