Mwaliko: Kikao cha kuangalia mradi wa mahema ya kukaushia omena

Kina mama wakaushaji, viongozi wa ufuo, fundi wetu na wenzangu wa ofisini,

Hamjambo nyote. Karibuni tukae pamoja Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa tatu asubuhi hadi saa sita, katika banda la kuuzia samaki hapa ufuoni, Kisumu. Tumechagua siku za mbalamwezi makusudi: taa hazivuti omena vizuri, kwa hiyo hakuna atakayepoteza kazi.

Tunayoyajua ni haya. Mahema 4 yalianza kazi Septemba. Mvua za vuli zilipokolea Novemba, omena ilikaa ndani siku tatu badala ya moja, ikaota ukungu, na gorogoro 140 zikauzwa kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tarehe 5 Desemba mradi ukasimama. Sitaupamba: haukufaulu.

Swali la siku hiyo si "nani alikosea?" Swali ni: kila mmoja alikuwa akiona nini, saa ile, na kwa nini alichofanya kilionekana sawa? Aliyefunga madirisha ya hema usiku alikuwa akizuia mvua isiingie. Aliyeendelea kupokea makarai asubuhi hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Mimi niliidhinisha mahema yote 4 yafunguliwe kwa pamoja kwa sababu majaribio ya Agosti, wakati wa jua, yalikuwa mazuri. Hatukuwa tumejaribu mvuani. Hayo ndiyo mambo ninayotaka tuyafumbue, na nina hakika yapo mengine ambayo ofisi haijawahi kuyasikia.

Kina mama wataanza kuzungumza, kwa kuwa ndio waliouona ukungu kwanza. Sisi wa ofisini tutafuata. Semeni kwa Kijaluo au Kiswahili, vyovyote mnavyostarehe. Katika kumbukumbu tutaandika "hema la pili, asubuhi", si jina la mtu, na kumbukumbu hizo hazitatumiwa kumpima mfanyakazi wala kumwondoa mtu kikundini. Zitasomwa kwenu kabla ya kwenda popote.

Pesa za chama zilizopotea ni dai halali na halijasahauliwa. Lina kikao chake, Alhamisi tarehe 5, hapo hapo bandani. Tukiyachanganya mawili haya, mtu atalinda mfuko wake na kuuficha ukweli, na nani atamlaumu?

Mkija, leteni picha za simu na jumbe za Novemba, hata zile za kulalamika. Hizo hasa. Ukiwa na jambo usilotaka kulisema mbele ya watu, nione kabla ya Jumatatu jioni, nami nitalileta bila kukutaja.

Nauli ya shilingi 300 italipwa mlangoni. Chai na nyoyo vitakuwepo kuanzia saa mbili na nusu.

Wenu,
Mratibu wa mradi