Muhtasari wa Barua ya Ufichuzi: ununuzi wa asilimia 80 ya hisa za kiwanda cha unga, Vingunguti

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, upande wa Mnunuzi
Kutoka: Wakili wako, Dar es Salaam
Siri ya wakili na mteja

Mama, shikamoo.

Nimeisoma rasimu ya pili ya Barua ya Ufichuzi, iliyoingia jana jioni, nikiilinganisha na Jedwali la 4 la mkataba lenye mahakikisho 38, yaani kauli ambazo Muuzaji anathibitisha kuhusu hali ya Kampuni. Kwa barua hiyo, Muuzaji ameyawekea mipaka mahakikisho 7. Matatu hayana uzito, manne yanagusa mfuko wako, na la kodi (namba 21) sishauri utie saini lilivyo.

Kila aya ya Barua ya Ufichuzi isome kana kwamba Muuzaji anakwambia: "Hili nimeshakutajia, ukinunua ni lako." Jambo likishafichuliwa sawasawa, huwezi kumdai fidia kwa kuvunja hakikisho hilo.

Namba 21, migogoro ya kodi. Kwenye mkataba amehakikisha kwamba hakuna. Kwenye barua anaandika: "Kampuni ina mawasiliano ya kawaida na TRA kuhusu VAT." Mawasiliano ya kawaida! Kwenye chumba cha nyaraka cha mtandaoni, folda ya 14, katikati ya risiti za EFD, nimekuta tathmini ya VAT ya shilingi 412,500,000 kwa mwaka 2022. Sikuona pingamizi popote. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inatoa siku 30 za kupinga, na pingamizi halipokelewi bila kulipa kwanza theluthi ya kodi hiyo au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna alegeze. Theluthi hapa ni 137,500,000, na malipo ya namna hiyo hayaonekani kwenye taarifa za benki tulizopewa. Nahofia muda ulipita wakiwa wamekaa kimya.

Kwa ibara ya 8.2 ya mkataba, ufichuzi unahesabika pale tu unapoeleza jambo kwa kina cha kutosha Mnunuzi ajue ni nini na ni kubwa kiasi gani. Sentensi ile haifiki huko. Ila mtego uko aya ya 3 ya barua, inayosema chochote kilichomo kwenye chumba cha nyaraka kimefichuliwa. Kuna folda 22 mle. Tukiikubali aya hiyo, tathmini iliyolala kati ya risiti nayo imefichuliwa, na mipaka mingine yote inakuwa mapambo tu. Tena wamefuta ibara ya 8.5, iliyosema kwamba mambo tuliyoyagundua wenyewe hayapunguzi haki yetu ya kudai. Sasa tathmini tumeiona, hatuwezi kujifanya hatujui.

Kwa hiyo tusibishane sana juu ya maneno ya hakikisho. Tudai ahadi mahsusi ya Muuzaji kulipa deni hili shilingi kwa shilingi, isiyoguswa na ufichuzi wowote, na milioni 450 za bei zibaki kwenye akaunti ya amana hadi TRA wamalize.

Namba 23, kodi itokanayo na mauzo yenyewe. Ameongeza maneno machache: "isipokuwa inayotokana na sheria." Yanaonekana mepesi, lakini Sheria ya Kodi ya Mapato inasema umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka 3, kampuni inachukuliwa kuwa imeuza mali zake. Sisi tunachukua 80. Kodi hiyo inadaiwa Kampuni, na Kampuni itakuwa yako. Maneno hayo yafutwe, na mhasibu wako apige hesabu kabla hatujarudi mezani.

Namba 27, wafanyakazi. Hapa, niseme haki, amefichua vizuri: vibarua 30 wa kupakia magunia, shilingi 12,000 kwa siku, hawana mikataba wala NSSF, kwa miaka 3. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, michango ya asilimia 20 inafika 67,392,000, bila faini. Hakikisho limekufa kabisa hapo. Kilichobaki ni kupunguza bei.

Namba 15, ardhi. Hati ya kiwanda ni safi. Uwanja wa nyuma yanakogeuzia malori haumo kwenye hati. Barua inasema kuna "maelewano na jirani". Bila uwanja ule, semi-trela haingii. Tutake mkataba wa upangaji ulioandikwa, uwe sharti la kukamilisha.

Matatu yaliyobaki: ritani za mwaka hazijawasilishwa BRELA kwa miaka 2, cheti cha OSHA kimeisha muda, na lori moja bado lina jina la mmiliki wa zamani. Wayamalize kabla ya kukamilisha.

Umiliki wa hisa na hesabu zilizokaguliwa havikuguswa. Madai kwenye hayo yanabaki mzima mzima.

Wakili wao anataka majibu Alhamisi. Nikipata ruhusa yako leo, naanza na aya ya 3 na ibara ya 8.5, kisha milioni 450.