Shoga yangu Mwanaidi, hongera

Nimeisoma posti yako, nikaizima simu, nikaiwasha nikaisoma tena. Uliponiambia mwezi wa tano, jikoni tunapaa samaki, nilishangilia tu. Leo kuiona tarehe ya safari mbele ya watu wote, mwili umeninyong'onyea.

Wenzangu hapa wanaandika "Ulaya hiyo!" Mimi namwona binti aliyekuwa akiamka alfajiri na baba yake kwenda mnadani Deep Sea, halafu anapanda daladala kuja shule ananuka dagaa, darasa zima linamcheka. Na mimi nilicheka, nisamehe. Leo dagaa hao hao wanampeleka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kusoma uzamili wa uvuvi. Mzee angekuwepo, Barabara ya Kumi na Mbili isingelala.

Nimekaa nikasoma habari za huko. Kumbe mwisho wa Novemba jua linapotea, halichomozi hadi katikati ya Januari! Sasa wewe saa moja asubuhi utaianza kuihesabu wapi? Halafu mwezi wa sita halizami kabisa. Hiyo Magharibi utaisali saa ngapi? Kamuulize shekhe kabla hujapanda ndege. Nimeona mji una msikiti, moyo umetulia kidogo. Nimeona pia Wanorwei wanavyowatundika samaki kwenye fito, bila chumvi, upepo wa baridi unawakausha. Si ng'onda hao? Basi hutakuwa mgeni sana.

Nisijikaze bure, nimelia. Jumapili Raskazone nitakwenda na nani? Kwenye shughuli nitakaa na nani kule nyuma, tule pilau huku tunawasema waliopika? Watu wa kucheka nao ninao. Wa kunitazama tu akajua sijalala vizuri ni wewe peke yako.

Sikuahidi kukupigia kila siku, tunajuana, kifurushi changu hakifiki Alhamisi. Ijumaa ndiyo yetu: saa tatu usiku huku, kwako saa mbili, na Oktoba ikiisha wakirudisha saa zao nyuma itakuwa saa moja. Usipopokea nakuachia sauti, ndefu, na uisikilize yote. Jumamosi nitapita kwa mama. Simu nitaishika mimi, maana akiishika mwenyewe utaonyeshwa dari mpaka salio liishe. Dawa zake za presha niachie cheti, tarehe za kliniki nitazifuata mwenyewe.

Kesho baada ya Isha nakuja kukusaidia kufunga begi, na usibishane na mimi kuhusu bizari na pilipili ya kusaga, nimeshazifunga kwenye mifuko.

Na ile doti yangu uliyoazima Idi, ambayo kila siku unasema utairudisha: ikate. Upande mmoja utie begini, mmoja nipe.