Mama Asha, kuhusu ile milioni 3.8 ya vitanda, naomba risiti ya muamala

Shikamoo mama. Poleni na pilikapilika za kufungua lodji, najua hapo Dodoma sasa hivi hupati hata pa kukaa.

Nimeiona meseji yako ya jana usiku kwamba hela ilitumwa tangu Ijumaa na unashangaa kwa nini gari halijapakia. Asubuhi hii kabla sijakujibu nimeenda benki mwenyewe, sikutaka kutegemea meseji za simu maana wakati mwingine zinachelewa, nikawaambia wanitolee stetimenti ya kuanzia Alhamisi mpaka leo Jumatano saa nne. Nimeipitia mstari kwa mstari na yule dada wa kaunta. Kilichoingia ni 185,000 Jumatatu, hiyo ni ya mteja mwingine wa stuli, na 420,000 jana ya kabati la mtu wa Temeke. 3,800,000 haimo, na wala hakuna hela yoyote iliyoingia kwa jina lako au la lodji. Nimemuuliza kama inaweza kuwa imekwama kwao inasubiri, akasema bila kumbukumbu namba ya muamala hana pa kuanzia kutafuta, kwake ni kama haijafika.

Mama naomba unielewe, sisemi hujatuma. Tumefanya kazi vizuri tangu mwanzo, ile advansi ya mwezi uliopita iliingia siku ileile kwenye akaunti hiihii, kwa hiyo najua mkisema mmetuma mna sababu ya kusema. Ila hela ikishatoka kwa mtumaji bila kufika, anayeweza kuifuatilia ni benki iliyotuma. Mimi hata nikilala pale benki kwangu hawawezi kuniambia kitu bila hiyo namba.

Sasa ile skrinshoti aliyonitumia mhasibu wako nimeikuza nikaisoma vizuri. Inaonyesha 3,800,000, Ijumaa saa 11:42 jioni, na chini imeandikwa "Ombi lako limepokelewa". Juu imekatwa, kwa hiyo namba ya akaunti iliyotumiwa haionekani, jina la mpokeaji halionekani, na kumbukumbu namba haipo kabisa. Na hayo maneno "ombi limepokelewa" ndiyo yaliyonishtua, maana muamala ukikamilika huwa wanaandika umekamilika au umefanikiwa na wanakupa namba. Naomba nikuulize mama, akaunti ya lodji si ni ya biashara? Akaunti nyingi za biashara zinawekwa hivi kwamba mtu mmoja anaingiza malipo na mwingine lazima aidhinishe ndipo hela itoke. Kama mhasibu ndiye aliyeingiza na wewe ndiye muidhinishaji, inawezekana kabisa tangu Ijumaa inakusubiri wewe na haijatoka hata senti. Ingia kwenye apu yako uangalie sehemu ya malipo yanayosubiri kibali, au ni rahisi zaidi, angalia salio: je 3,800,000 imekatwa au bado ipo? Hilo peke yake litatuambia nusu ya habari.

Kama imekatwa, basi naomba risiti yenyewe ya benki, siyo picha iliyokatwa. Kwenye apu mhasibu aende kwenye historia ya miamala, aufungue huo muamala, apakue risiti ya pidiefu anitumie kama ilivyo. Kama alienda kaunta au kwa wakala anitumie picha ya slipu nzima pande zote nne, yenye muhuri kama ni ya kaunta. Ninachotaka kuona pale ni tarehe na saa, kiasi, hela imetoka akaunti gani, imeenda benki gani, namba ya akaunti na jina la aliyetumiwa, kumbukumbu namba, na hali ya muamala. Salio lenu likionekana lifunikeni tu, hilo halinihusu. Na tafadhali asije akanitumia namba ya siri wala zile tarakimu za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji, sizihitaji, na mtu yeyote akikuomba hizo kwa jina la karakana yetu mkatalie hapohapo.

Hapo kwenye namba ya akaunti naomba tuwe makini sana mama. Akaunti yetu ni ileile iliyo kwenye profoma, ina jina la karakana, inaishia na 4417. Hatujabadilisha na hatuna mpango wa kubadilisha. Siku hizi kuna watu wanaingilia mawasiliano ya wafanyabiashara halafu wanamtumia mteja meseji "lipa kwenye namba hii mpya", kwa hiyo kama mhasibu alipokea namba nyingine yoyote, iwe ya benki au ya simu, nipigie sasa hivi usisubiri kumaliza kusoma, na ipigie benki yako pia waizuie kama bado inawezekana. Hata kukosea tarakimu moja tu ni shida, hela inaweza kurudishwa kwako baada ya siku kadhaa au ikaingia kwa mtu mwingine, na akishaitoa kuirudisha ni kazi kubwa.

Kuhusu kuchelewa kwa kawaida, Ijumaa saa 11:42 benki nyingi zinakuwa zimeshafunga dirisha la kutuma kwenda benki nyingine, halafu wikiendi, kwa hiyo ningeitegemea Jumatatu, tuseme hata jana. Leo Jumatano imeshapitiliza, ndiyo maana nasema tusikae kusubiri. Ukiwa na risiti nenda nayo benki kwako uwaambie waufuatilie muamala, na mimi nitaipeleka nakala kwangu hapohapo, pande zote mbili zikitafuta kwa namba moja itaonekana tu.

Mzigo wako mama uko tayari wote. Vitanda 8 vya mninga vya tano kwa sita na droo zake 8, vanishi ya mwisho imepigwa juzi imekauka vizuri, ile mbao ya kichwani uliyosema isiwe na nakshi nyingi imetoka safi sana, nimekuwekea picha hapo chini. Nimevifunika na hakuna mtu mwingine atakayeuziwa. Ila kupakia kabla hela haijasoma kwenye akaunti siwezi, risiti itatusaidia kuitafuta lakini gari litaondoka hela ikishaingia, nakuomba usilichukulie vibaya, mbao nimechukua kwa mkopo na mafundi wanne wanasubiri malipo yao ya kazi hii. Dereva nimemwomba anishikie nafasi ya safari ya Ijumaa usiku, hela ikiingia kabla ya Ijumaa saa nane mchana Jumamosi asubuhi mnapokea hapo Nanenane. Ikipita hapo safari inayofuata ni Jumanne.

Na kama ukiangalia ukakuta kumbe haijatoka au hali imebana kidogo, niambie tu mama, tutaongea, hata tukipakia vitanda vile ulivyovilipia kwanza wageni wakapate pa kulala. Ile advansi ya 3,800,000 iliyokwishaingia mwezi uliopita inatosha vitanda 4 vya 850,000 na droo 4 za 100,000, hivyo naviruhusu hata leo ukisema.

Naomba leo kabla ya saa kumi nipate mojawapo: risiti kamili, au jibu la salio kama imekatwa au bado. Mpe mhasibu namba yangu tuongee moja kwa moja kama wewe uko bize na mafundi, simu yangu iko wazi mpaka usiku.

Wasalimie hapo nyumbani.

Juma, karakana ya Keko