Hati ya Idara ya Ukaguzi wa Ndani

Imeidhinishwa na Bodi ya Wakurugenzi tarehe 14 Machi 2025. Inahusu kinu cha unga Morogoro pamoja na maghala ya Dodoma na Dar es Salaam.

1. Kuanzishwa
Hadi sasa stoo na vitabu vilihakikiwa na wahasibu wawili wa Idara ya Fedha, yaani walikuwa wakijikagua wenyewe. Kwa Hati hii Bodi inaunda idara inayojitegemea, itakayoipa Bodi na Menejimenti uhakika na ushauri kuhusu vihatarishi, udhibiti wa ndani na utawala wa Kampuni. Idara itafuata Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025.

2. Uhuru
Mkaguzi Mkuu wa Ndani anawajibika kwa Kamati ya Ukaguzi ya Bodi. Kwa mambo ya kiutawala tu, kama likizo na masurufu ya safari, anaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji. Kuajiriwa kwake, mshahara wake na kuondolewa kwake ni uamuzi wa Bodi. Kila robo mwaka atakutana na Kamati bila Menejimenti kuwapo, hata kama hakuna hoja nzito.

Mkaguzi haidhinishi malipo, hapokei mzigo, hatii saini hati ya kutoa bidhaa ghalani. Akiombwa "kusaidia kidogo" mwisho wa mwezi, atakataa. Wahasibu wawili waliohamishiwa idara hii hawatakagua kazi walizozifanya wenyewe mpaka ipite miezi 12.

3. Mamlaka
Wakaguzi wanaweza kuona, bila kuomba ruhusa, kumbukumbu, mifumo, mali na mtumishi yeyote, ikiwemo mizani ya kupokelea mahindi na ripoti za mashine za kutolea risiti. Wanaweza kuhesabu magunia bila taarifa. Meneja wa ghala hana haki ya kuwaambia warudi kesho. Taarifa binafsi watakazoziona watazitunza kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

4. Kazi
Mpango wa mwaka utajengwa juu ya vihatarishi na kuidhinishwa na Kamati. Mwaka huu unaanza na ununuzi wa mahindi, upungufu wa uzito na mikopo ya mawakala.

Rasimu ya ripoti hupelekwa kwa mkaguliwa, naye hujibu ndani ya siku 10 za kazi. Asipojibu, ripoti hutoka ikionyesha kuwa hakujibu. Hoja isiyofungwa ndani ya muda uliokubaliwa hupelekwa kwenye Kamati. Dalili za wizi au udanganyifu hupelekwa kwa Mwenyekiti wa Kamati siku hiyohiyo. Kuzuia udanganyifu kunabaki jukumu la Menejimenti.

5. Ubora na mapitio
Idara itajitathmini kila mwaka, na angalau mara moja kila miaka 5 itatathminiwa na mtu huru wa nje. Hati hii itapitiwa na Kamati kila Machi. Mabadiliko yoyote yataidhinishwa na Bodi.