Hundi yako Na. 000412 imerudishwa na benki

Kariakoo, Dar es Salaam
Machi 14, 2025

Ndugu Mteja,

Hundi uliyotupatia Machi 10 kulipia mabati na misumari, ankara Na. 2217, imerudishwa na benki kwa sababu akaunti yako haikuwa na salio la kutosha.

Unachodaiwa sasa:
Thamani ya hundi: Sh 1,850,000
Makato ya benki yetu: Sh 40,000
Jumla: Sh 1,890,000

Hizo 40,000 ndizo tulizokatwa na benki hundi iliporudi; sisi hatujaongeza faini yoyote. Benki yako nayo huenda ikakukata kivyake, kwa hiyo angalia taarifa ya akaunti yako.

Tafadhali lipa kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa, Machi 21. Lete fedha taslimu dukani, au weka kwenye akaunti iliyoandikwa chini ya ankara, ukitaja namba 2217. Hundi nyingine ya kawaida hatutaipokea kwa deni hili, ila hundi ya benki tunaipokea. Hiyo ya zamani tunayo sisi, na ukishalipa tutakurudishia pamoja na risiti.

Kama fedha haitatimia kwa wakati, tupigie mapema tupange malipo kwa awamu.

Mhasibu